Kutoka pointi za daftari hadi insha inayoshikana

Msikilizaji unayejiandaa na mtihani ukiwa kijijini, huenda una noti nyingi kuliko vitabu. Umeazima daftari la mwenzako aliyemaliza, umepiga picha kurasa zake kwa simu, na jioni unakaa kuzisoma. Noti hizo karibu zote zimeandikwa kwa pointi: alama ya nukta, maneno matatu au manne, kisha mstari unaofuata. Kwa kukumbuka, hakuna ubaya. Taabu huja pale karatasi ya mtihani inaposema "Jadili" au "Fafanua", na mtahiniwa akazimwaga pointi zilezile kwenye karatasi ya majibu, akiziongezea "pia" na "vilevile" katikati.

Mtahiniwa wa shule ana mwalimu wa kumrudishia insha ikiwa na wino mwekundu. Mtahiniwa wa kujitegemea mara nyingi hana. Anaweza kujua habari zote za somo na bado asielewe kwa nini alama zake haziendi mbele. Makala haya yanaonyesha kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa swali moja tu la historia: "Jadili sababu za kutokea kwa Vita vya Majimaji, 1905–1907."

Kwanza, angalia neno la amri katika swali. "Taja" na "Orodhesha" huomba orodha, na hapo pointi zako zinatosha. Ukiandika aya ndefu unapoteza muda. "Eleza", "Fafanua" na "Jadili" huomba maandishi ya mfululizo. Swali letu linasema "Jadili", kwa hiyo orodha haitoshi.

Noti zilivyo

Tuseme daftari lako lina ukurasa huu:

SABABU ZA VITA VYA MAJIMAJI
• kilimo cha pamba kwa lazima
• kodi ya kibanda (1898)
• kazi za shuruti, barabara
• maakida – ukatili
• Wangoni kupoteza mamlaka
• Kinjikitile, imani ya maji
• njaa, vifo vingi

Mtahiniwa mwenye haraka ataandika hivi: "Sababu ya kwanza ni kilimo cha pamba kwa lazima. Watu walilazimishwa kulima pamba. Pia kulikuwa na kodi ya kibanda. Kodi hii ilianza mwaka 1898. Vilevile kulikuwa na kazi za shuruti. Aidha, maakida walikuwa wakatili." Hakuna sentensi ya uongo hapo. Lakini hii si insha. Ni orodha ileile iliyofutwa nukta, na msahihishaji anaiona mara moja.

Njia ya kuitambua orodha iliyojificha ni rahisi. Chukua sentensi ya kodi uipeleke mwisho, ya maakida uilete mwanzo. Je, kuna kilichoharibika? Kama hakuna, basi sentensi zako hazijashikana. Katika insha ya kweli ukihamisha aya moja, aya inayofuata inabaki inaning'inia, kwa sababu ilikuwa imeegemea ile ya juu yake.

Kwa nini orodha haitoshi? Kwa sababu pointi huficha mambo mawili. La kwanza ni mtendaji. "Kilimo cha pamba kwa lazima" haisemi nani alimlazimisha nani. La pili ni uhusiano. Nukta saba zimepangwa sawasawa kama viazi kwenye fungu la sokoni, kana kwamba kila sababu ina uzito sawa na haihusiani na jirani yake. Kuandika insha ni kurudisha hayo mawili yaliyoachwa nje, na kazi hiyo hufanyika kabla ya kuandika sentensi yoyote ya insha.

Rudisha mtendaji

Chukua kila pointi uiulize: nani alifanya, alimfanyia nani, na ikawaje? Andika jibu kwa sentensi moja yenye kitenzi, kwenye karatasi ya kuchafua.

"Kilimo cha pamba kwa lazima" inakuwa: kuanzia 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliagiza vijiji vilime mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe, na malipo yalikuwa kidogo mno.

"Kodi ya kibanda" inakuwa: tangu 1898 serikali ya Kijerumani ilitoza kodi kwa kila kibanda, na ilizidi kutaka ilipwe kwa fedha taslimu.

"Maakida – ukatili" inakuwa: maakida, ambao Wajerumani waliwaweka juu ya majumbe, walikusanya kodi na kuwapeleka watu kazini kwa kiboko.

Jihadhari na hali ya kutendwa katika hatua hii. "Watu walilazimishwa" ni sentensi sahihi ya Kiswahili, lakini inamficha aliyelazimisha kama noti ilivyomficha. Ukijikuta umeandika "walilazimishwa", "walitozwa", "waliteswa", uliza "na nani?" Kama unamjua, mtaje angalau mara moja. Kama humjui, umegundua mahali ambapo noti zako zina pengo, na ni heri ulijue leo kuliko siku ya mtihani.

Ukifika kwenye pointi ya mwisho, "njaa, vifo vingi", utaona inagoma. Njaa ya kutisha iliyoikumba nchi ya kusini ilitokana na Wajerumani kuchoma mashamba na maghala wakati wa vita. Hiyo si sababu ya vita, ni matokeo yake. Ilipenya kwenye ukurasa kwa sababu mwenye daftari alikuwa akiandika kwa kasi mwalimu akiendelea kusema. Itoe. Pointi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe jibu la swali hili.

Tafuta uhusiano

Sasa una sentensi sita. Usiziandike bado. Zitazame mbili mbili na uulize: hii inahusianaje na ile? Majibu si mengi. Huenda moja imesababisha nyingine. Huenda moja imeizidisha nyingine makali. Huenda moja ni njia ambayo nyingine ilipitia. Huenda zinapingana. Na huenda moja inaeleza jambo ambalo nyingine haiwezi kulieleza.

Kodi na pamba zinahusianaje? Kodi ilimfanya mkulima ahitaji fedha. Pamba ilichukua siku zake na haikumpa fedha ya kutosha. Basi hizi si sababu mbili zilizokaa kando kando, bali ni upande mmoja na mwingine wa mtego uleule. Kazi za shuruti nazo zinaingia hapo hapo, kwa kuwa asiye na fedha ya kodi angeweza kujikuta anafanyishwa kazi. Kwa hiyo pointi ya tatu haihitaji aya yake. Itaingia ndani ya aya ya kodi.

Maakida je? Wao ndio njia. Kodi na pamba zilimfikia mwanakijiji kupitia kwao.

Sasa Wangoni. Hapa ndipo noti zinapoficha jambo kubwa zaidi. Vita vilianza Julai 1905 kwa Wamatumbi, katika vilima vilivyo nyuma ya Kilwa, na huko pamba ilikuwa mzigo mkubwa. Lakini Wangoni wa Songea walijiunga na vita, ilhali mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja haukuwa umefika kwao. Kama pamba ndiyo sababu, Wangoni walipigania nini? Orodha haikuulizi swali hilo, kwa sababu ndani yake pamba na Wangoni wamekaa mistari mitatu mbali na hawajapata kukutana. Ukiziweka pamoja unalazimika kujibu: Wangoni walikuwa na kinyongo chao wenyewe, na imani ya maji ndiyo iliyounganisha kinyongo hicho na cha Wamatumbi.

Hapo umepata hoja ya insha nzima: pamba na kodi zinaeleza kwa nini vita vilianza, na maji yanaeleza kwa nini vilienea. Hoja hiyo haikuwamo katika daftari. Imetokea kwa kupanga, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya jibu la kukariri na jibu la kujadili.

Sentensi kuu peke yake

Kabla ya kuandika aya, andika sentensi kuu tu, moja kwa kila aya. Sentensi kuu ni ile inayosema aya nzima inadai nini. Kwa kawaida hukaa mwanzo wa aya, hasa kwenye mtihani ambako msahihishaji ana mafungu ya karatasi na anataka kujua mapema unaelekea wapi.

Kosa la kawaida hapa ni kuandika kichwa cha habari badala ya dai. "Aya hii inahusu pamba" si sentensi kuu. "Kilimo cha pamba kilikuwa sababu mojawapo" nayo haifai sana, kwa kuwa inarudia swali tu bila kusema lolote jipya. Pima hivi: je, mtu mwenye akili timamu angeweza kubishana nayo? "Kilimo cha pamba cha lazima ndicho kilichowasha moto" inaweza kubishiwa, kwa hiyo inahitaji kuthibitishwa, na uthibitisho huo ndio utakaokuwa mwili wa aya. Angalia pia kazi ya "ndicho". Kiswahili kina namna hii ya kubagua jambo moja kati ya mengi, ndiyo, ndicho, ndio, ndilo, na inafaa sana katika sentensi kuu, mradi uitumie pale tu unapobagua kweli. Mtu akisema pamba ndiyo iliyosababisha vita, na aya ya chini yake aseme kodi ndiyo iliyosababisha vita, amejipinga mwenyewe.

Kwa swali letu sentensi kuu zinaweza kuwa hizi nne:

Kilimo cha pamba cha lazima ndicho kilichowasha moto wa vita.

Pamba hiyo isingeleta chuki kubwa kiasi hicho kama wakulima hawangekuwa tayari wanabanwa na kodi.

Mizigo hii miwili iliwafikia wanakijiji kupitia mkono mmoja, nao ni mkono wa akida.

Hata hivyo, chuki dhidi ya pamba na maakida haielezi kwa nini vita vilifika Songea.

Zisome mfululizo, bila kitu kingine. Zinasomeka kama jibu fupi lililokamilika, na kila moja inaishika ile ya juu yake. Kama zako hazisomeki hivyo, kazi haijakomaa. Usianze aya ukitumaini zitajiunga zenyewe njiani. Kurekebisha sentensi nne ni kazi ya dakika chache, lakini kurekebisha aya nne zilizokwisha andikwa kwa wino ni kuanza upya.

Viungo kati ya aya

Ukichunguza sentensi hizo nne, utaona kinachoziunganisha si "pia" wala "aidha". Ya pili inaanza na "Pamba hiyo". Ya tatu inaanza na "Mizigo hii miwili". Ya nne inachukua "chuki dhidi ya pamba na maakida" na kuigeuza. Kila aya inaokota kitu kimoja kilichoachwa na aya iliyopita na kukiweka mwanzoni mwake.

Lugha yetu ina chombo maalumu kwa kazi hii, na tunakitumia kila siku bila kukifikiria. Ni vile vionyeshi vya kitu kilichokwisha kutajwa: huyo, hiyo, hilo, hicho, huo, hayo. Ukisema "pamba hiyo", msomaji anarudi nyuma kwa akili yake kwenye pamba uliyoitaja. Ukisema "chuki hiyo", umeyakusanya mambo yote ya aya iliyopita na kuyapa jina moja. Jina hilo la jumla lina nguvu sana: mizigo hiyo, mfumo huo, hali hiyo, mamlaka hayo. Lakini "hali hiyo" itumike kwa kiasi, maana ni jina la kila kitu na kwa hiyo si jina la chochote. Ukiweza kusema "mzigo huo" au "dhuluma hiyo", sema hivyo.

Viunganishi vyenyewe huja baada ya uhusiano kujulikana, kamwe si kabla. "Kwa hiyo" hudai kwamba la kwanza lilizaa la pili. "Hata hivyo" hudai kwamba linalokuja linakwenda kinyume na lililotangulia. "Licha ya" hudai kwamba kizuizi kilikuwapo na hakikuzuia. "Pia", "vilevile" na "aidha" hudai kidogo sana. Husema tu kwamba kuna jingine. Si maneno mabaya, na ndani ya aya yanafaa unapoongeza mfano wa pili wa jambo lilelile. Yakianza kila aya, yanakuwa nukta za daftari zilizovaa nguo nyingine.

Kibaya zaidi ni kiunganishi cha uongo. "Kodi ilianza 1898, hivyo Kinjikitile aligawa maji." Neno "hivyo" limedai uhusiano ambao sentensi haijauonyesha. Njia ya kukamata kosa hili ni kukiondoa kiunganishi na kuweka mahali pake maelezo marefu: "na jambo hilo ndilo lililosababisha". Kama sentensi inachekesha, kiunganishi hakistahili kukaa hapo.

Kuna pia kiungo kimoja ambacho hakionekani kuwa kiungo, nacho ni "-ka-". Sisi tumelelewa kwa hadithi, na hadithi huenda kwa "-ka-": akaenda, akafika, akasema. Mtahiniwa anapoandika historia huteleza humo bila kujua: "Wajerumani wakaleta pamba, watu wakalimishwa, wakachukia, wakang'oa pamba." Inasikika vizuri, lakini "-ka-" husema tu kwamba jambo lilifuata jingine kwa wakati. Haisemi kwamba lilisababishwa nalo. Swali linaloomba sababu linahitaji kwa sababu, ndiyo maana, kwa kuwa, hadi, kiasi kwamba. Tumia "-li-" kwa matukio, na uache "-ka-" kwa sehemu fupi ambapo kweli unasimulia.

Aya zenyewe

Ndani ya aya, baada ya sentensi kuu, fuata njia hii: eleza ilivyokuwa, toa jambo mahususi lenye mahali au mwaka, kisha sema linathibitishaje dai lako. Hatua ya tatu ndiyo inayosahaulika. Watu wengi hutaja mwaka na mahali kisha wakaruka kwenye aya nyingine, wakimwachia msomaji kazi ya kuunganisha.

Huu hapa ni mwili wa insha, ukitanguliwa na utangulizi mfupi:

"Vita vya Majimaji vilipiganwa kusini mwa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki kuanzia Julai 1905 hadi 1907. Vilianza kwa sababu utawala wa Kijerumani ulichukua nguvu na muda wa wakulima wa kusini-mashariki, na vilienea kwa sababu imani ya maji iliwaunganisha watu waliokuwa na vinyongo tofauti.

"Kilimo cha pamba cha lazima ndicho kilichowasha moto wa vita. Kuanzia 1902 serikali ya Gavana von Götzen iliagiza vijiji vya pwani na nyuma ya pwani vilime mashamba ya pamba ya pamoja chini ya majumbe. Wakulima waliitwa kwenye pamba wakati mashamba yao ya chakula nayo yalihitaji mikono, na malipo yalikuwa kidogo kiasi kwamba wengine waliyakataa. Ndiyo maana Wamatumbi wa Nandete walipoamua kuanza vita Julai 1905, walianza kwa kung'oa miche ya pamba. Tendo hilo linaonyesha ni kitu gani walikiona kuwa adui wa karibu.

"Pamba hiyo isingeleta chuki kubwa kiasi hicho kama wakulima hawangekuwa tayari wanabanwa na kodi. Tangu 1898 kila kibanda kilitozwa kodi, na serikali ilizidi kutaka ilipwe kwa fedha taslimu. Asiye na fedha alilazimika kuitafuta kwa kibarua, au maofisa wa serikali walimfanyisha kazi za shuruti kama vile kutengeneza barabara. Kwa hiyo mkulima aliyemaliza siku zake kwenye shamba la pamba kwa malipo hafifu alirudi nyumbani akiwa bado anadaiwa.

"Mizigo hii miwili iliwafikia wanakijiji kupitia mkono mmoja, nao ni mkono wa akida. Wajerumani waliwaweka maakida juu ya majumbe, na wengi wao walitoka pwani, hawakuwa wenyeji wa nchi waliyoisimamia. Walikusanya kodi, waliwapeleka watu kazini, na walitumia kiboko. Kwa kuwa mwanakijiji hakumwona gavana bali alimwona akida, hasira dhidi ya serikali ilimwangukia akida, na maakida walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa mapema.

"Hata hivyo, chuki dhidi ya pamba na maakida haielezi kwa nini vita vilifika Songea, ambako mpango huo wa pamba haukuwa umefika. Wangoni walikuwa na kinyongo kingine: tangu Wajerumani walipojenga boma huko 1897, wakuu wa Kingoni walikuwa wamepoteza mamlaka yao juu ya nchi na watu. Kilichounganisha kinyongo hicho na kile cha Wamatumbi ni maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Maji hayo, yaliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji, aligawiwa mtu wa kabila lolote. Wajerumani walimnyonga Kinjikitile huko Mohoro Agosti 1905, lakini wajumbe waliendelea kuyapeleka maji mbali zaidi, na kwa hiyo vita havikufa pamoja naye."

Rudi sasa kwenye jaribio letu la kuhamisha. Iweke aya ya akida mwanzo: "Mizigo hii miwili" inakosa mahali pa kushika, maana hakuna mizigo iliyotajwa. Iweke aya ya Songea juu ya pamba: "Hata hivyo" inapinga hewa. Kila aya imefungwa mahali pake.

Huenda mwalimu au kitabu chako kinapanga sababu hizi kwa namna nyingine. Wapo wanaoanza na maji, kwa hoja kwamba malalamiko yalikuwapo kwa miaka na hayakuzaa vita hadi imani hiyo ilipotokea. Mpango huo nao unasimama, mradi sentensi kuu zako ziuonyeshe, na aya ya pamba iandikwe upya ishike kwenye maji badala ya maji kushika kwenye pamba.

Somo lingine, kazi ileile

Ili usidhani kazi hii ni ya historia tu, tazama pointi nne za jiografia juu ya mmomonyoko wa udongo: mteremko, mvua kubwa, kukata miti, mifugo mingi. Katika daftari zote zimeitwa "sababu". Ukizitazama mbili mbili unaona hazifanani. Mvua ndiyo inayobeba udongo. Mteremko unaipa mbio. Kukata miti na kulisha mifugo mingi mahali pamoja ni kitu kimoja kwa matokeo yake, maana vyote viwili huiacha ardhi uchi. Sentensi kuu zinajitokeza zenyewe: mvua hubeba udongo pale tu ambapo hakuna kitu cha kuushika, kinachoushika ni mimea, nayo huondolewa kwa shoka na kwa kwato, na ardhi hiyo iliyoachwa uchi huharibika haraka zaidi kwenye mteremko. Pointi nne zimekuwa aya tatu, na mpangilio si ule wa daftari.

Kujisahihisha ukiwa peke yako

Kwa asiye na mwalimu karibu, simu inaweza kusaidia. Fungua kinasa sauti, soma insha yako kwa sauti, kisha isikilize kesho yake ukiwa unafanya kazi nyingine. Sikio hukamata kile ambacho jicho limezoea. Utasikia "pia" ya tatu. Utasikia sentensi inayoanza na "hiyo" na wewe mwenyewe usijue ni ipi. Ukisikia unasubiri jambo fulani na halijaja, hapo pana pengo la uhusiano.

Njia nyingine ni kumpa mtu ambaye hajasoma somo hilo, dada au jirani, na kumsomea sentensi kuu tu. Kisha mwambie: "Hebu nieleze, vita vilianza kwa nini?" Akijibu kwa kuhesabu, "kulikuwa na pamba, na kodi, na akida", bado ameisikia orodha. Akijibu kwa kuunganisha, "walidaiwa kodi, na pamba haikuwapa hela", insha imefanya kazi.

Fanya zoezi kwa kalamu na karatasi, hata kama noti ziko kwenye simu, kwa sababu kwenye mtihani utaandika kwa mkono na hutaweza kukata kipande na kukibandika kwingine. Siku ya mtihani tenga dakika kama tano za mwanzo wa swali kwa ajili ya sentensi kuu, uziandike kwenye karatasi ya kuchafua au ukurasa unaoruhusiwa, kisha uzikate mstari ukimaliza. Muda ukikuishia kabla ya aya ya mwisho, andika angalau sentensi kuu yake na tukio moja la kuithibitisha. Msahihishaji ataona ulikokuwa unaelekea, jambo ambalo nukta tatu zilizotupwa chini ya ukurasa haziwezi kumwonyesha.